Tangazo moja, magrupu kumi na manne, na mimi nimeitwa spamu

Dada, shikamoo. Mimi ni fundi, natengeneza rafu za viatu za mbao na kuziuza mwenyewe. Wiki mbili zilizopita nilijiunga na magrupu ya kuuza na kununua ya mtaani kwetu na ya mitaa ya jirani, jumla 14. Mengi yako Facebook, mawili yako WhatsApp. Jumapili usiku nikaandika tangazo, nikalikopi na kulipesti kote, kazi ya dakika kumi tu. Asubuhi nikakuta magrupu matatu yamelikataa, moja limeniondoa kabisa, na Facebook imeniandikia kwamba posti zangu ni spamu, siwezi kuposti kwenye magrupu kwa siku kadhaa. Mimi si tapeli. Rafu ninazo, picha ni zangu, bei haina ujanja. Rafiki yangu ananishauri nifungue akaunti ya pili, au nibadilishe herufi kwenye maneno ili mashine isinishike. Nifanyeje? Tangazo lenyewe ni hili:

"🔥🔥 OFA OFA OFA!!! RAFU KALI ZA VIATU ZIMEINGIA!!! UBORA WA HALI YA JUU, BEI POA SANA, WAHI KABLA HAZIJAISHA!!! MZIGO UPO WA KUTOSHA!!! BEI NJOO INBOKSI AU GUSA LINKI HII TUONGEE WHATSAPP!!!"

Fundi wa rafu

*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na ushauri wa rafiki yako, maana huo ndio wenye hatari kubwa kuliko yote uliyoyaandika. Akaunti ya pili usifungue. Masharti ya Facebook yanampa mtu akaunti moja ya binafsi, na ukifungua nyingine ili kukwepa zuio, kosa lililofanywa kwa haraka linageuka kosa la makusudi. Unaweza kupoteza zote mbili. Na hayo ya kuandika "b3i" badala ya bei, au kuitawanya namba ya simu kwa nukta na nafasi, yaache kabisa. Nimekuwa admini wa grupu la kuuza na kununua la mtaa wetu kwa miaka kadhaa, na ninapoona maandishi ya namna hiyo siendelei kusoma. Matapeli huandika hivyo kwa sababu wanajificha. Wewe huna cha kuficha, kwa nini uvae nguo zao?

Sasa tujue nani kakukataa, kwa sababu si mmoja. Kwenye grupu la Facebook tangazo hupita mbele ya watatu. Wa kwanza ni Facebook yenyewe, nayo inaangalia mwenendo wa akaunti: maandishi yaleyale, picha ileile, mara nyingi, ndani ya muda mfupi. Haijui kama rafu yako ni imara au mbovu. Kanuni zake kuhusu spamu zinataja kuposti kwa kasi kubwa mno, lakini haitangazi ni posti ngapi kwa saa ngapi, kwa hiyo usihangaike kutafuta namba ya kuishia. Wa pili ni admini, ambaye ana sheria za grupu lake. Wa tatu ni wanachama, ambao wakichoka wanaripoti, kwa admini au kwa Facebook. Zuio linalokufunga magrupu yote kwa pamoja limetoka kwa huyo wa kwanza, kwani admini hana nguvu yoyote nje ya grupu lake. Magrupu matatu yaliyokukataa na lile lililokuondoa, hayo ni ya maadmini.

Zuio la Facebook lisubiri liishe. Kupinga uamuzi ni haki yako pale mashine inapokosea, lakini posti 12 zinazofanana ndani ya dakika kumi ni jambo ambalo ingekuwa ajabu isilione. Ukiwa unasubiri, usifute posti zilizosalia ili uziweke upya baadaye. Ziache zilivyo, ujibu wanaouliza.

Wakati huohuo fanya uchunguzi mdogo. Ingia kwenye kila grupu lililokukataa, fungua menyu ya grupu, utafute ukurasa wa posti zako ulioandikwa "Your content". Humo posti zimegawanywa: "Pending" ni ile inayosubiri kusomwa, "Declined" ni iliyokataliwa kabla haijaonekana, "Removed" ni iliyoonekana kisha ikatolewa. Admini anapokataa anaweza kutaja sheria uliyovunja na kuongeza neno lake, kwa hiyo soma kila kilichoandikwa hapo. Halafu angalia muda. Kama tangazo lilikataliwa sekunde ileile uliyoliposti, hakuna mtu aliyelisoma. Facebook inawapa maadmini chombo kinachoitwa Admin Assist, ambacho hukataa posti chenyewe kwa vigezo ambavyo admini amevichagua, kwa mfano posti yenye linki, posti yenye maneno fulani, au posti ya mtu aliyejiunga juzijuzi. Wewe ulikuwa na linki na ulikuwa mgeni wa wiki mbili. Lakini kama lilikaa "Pending" hadi asubuhi ndipo likakataliwa, basi lilisomwa na binadamu, na huyo ndiye tunayepaswa kumfikiria tunapoandika upya.

Basi nikuonyeshe ninavyosoma mimi. Jioni nikikaa kupitisha posti zinazosubiri, kila moja naipa sekunde chache. Natafuta majibu manne: kinauzwa nini hasa, kwa bei gani, kiko wapi, na anayeuza ni nani. Tangazo lako lina maneno zaidi ya ishirini na halijibu hata moja vizuri. "Rafu kali" ni rafu ya namna gani? "Bei poa" ni ngapi? "Zimeingia" kutoka wapi, ilhali umezitengeneza kwa mikono yako? Ukweli mzuri kuliko wote ulio nao, kwamba wewe ndiye fundi, haumo. Na mahali pamoja unasema wahi hazijaisha, hapohapo unasema mzigo upo wa kutosha. Mimi nikisoma hivyo naona tangazo ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote, la kitu chochote, lililoandikwa mahali popote. Hiyo ndiyo maana ya spamu machoni pa admini. Ukweli wa bidhaa yako haukumfikia, ndiyo maana alishindwa kukutofautisha na tapeli.

Herufi kubwa zote na alama za mshangao zinaongeza uzito kwa sababu ndivyo wanavyopiga kelele wale tunaowafuta kila siku. Lakini lililonisumbua zaidi ni "bei njoo inboksi". Najua wauzaji wengi wanalitumia, wakiamini kwamba mteja akishaingia inboksi ni rahisi kumshawishi. Kwa admini, bei iliyofichwa ni chanzo cha ugomvi. Watu wawili wanaambiwa bei mbili tofauti, wanagundua, wanakuja kugombana kwenye grupu na mimi ndiye ninayetakiwa kuamua. Ndiyo sababu magrupu mengi yameandika sheria kwamba bei itajwe hadharani.

Kuhusu magrupu 14, nitakuambia kisa kimoja. Jirani yangu aliwahi kunionyesha simu yake. Tangazo moja la viti lilikuwa limempitia mara sita, moja baada ya jingine, kutoka magrupu sita ambayo yeye ni mwanachama. Muuzaji alidhani amewafikia watu wapya mara sita, kumbe mitaa jirani ina wanachama walewale. Jirani yangu aliripoti ya nne, ya tano na ya sita, na hakuwa na chuki na viti. Kwa hiyo, kabla hujafikiria maneno, punguza magrupu. Yaangalie yote 14, uone yapi yana wanachama wanaofanana, yapi yanakaribisha wauzaji kama wewe, na yapi yako mbali mno kiasi kwamba mteja hatakuja kubeba rafu. Nadhani utabaki na manne au matano. Mengine toka, au baki kama mnunuzi.

Kabla ya kuandika tangazo lolote, andika ukweli wa bidhaa kwenye daftari au kwenye noti za simu. Hili si tangazo, ni ghala utakalokuwa unachota. Kwa rafu yako nadhani litakuwa hivi, nawe sahihisha vipimo: rafu ya viatu, mpya, nimeitengeneza mwenyewe. Mbao ya msonobari, imepakwa vanishi. Ngazi nne. Upana sentimita 80, kina 30, kimo 95. Inabeba jozi 12 za watu wazima, jozi 3 kila ngazi. Kati ya ngazi na ngazi kuna sentimita 22, kwa hiyo buti ndefu haziingii. Inafungwa kwa skrubu 16, inafunguliwa kwa ajili ya kusafirisha. Zilizo tayari ni 3. Oda ya kipimo kingine inachukua siku 5. Bei moja. Mteja anachukua karakana.

Hilo la buti ndefu usiliache. Mnunuzi anayeambiwa mapema kitu kisichowezekana anaamini na yale mengine uliyosema. Tena unajiepusha na mtu wa kuja, kuona haimfai, na kurudi kukuandika vibaya kwenye komenti.

Sasa tuandike, na tufuate sheria za grupu moja moja. Kwenye Facebook sheria ziko kwenye sehemu ya "About", na admini anaweza kuweka hadi 10. Zisome zote, kisha usome pia posti iliyobandikwa juu, maana mara nyingi sheria mpya huwekwa pale kwanza. Halafu angalia matangazo matano ya karibuni yaliyopita salama. Yatakuonyesha sheria inavyotekelezwa kweli.

Tuseme la kwanza ni grupu la kuuza vitu ambalo linataka posti ianze na neno NAUZA, itaje bei, hali ya kitu na eneo, isiwe na linki wala namba ya simu, na kitu kilekile kisirudiwe kabla ya siku 7. Hapo ningeandika hivi:

"NAUZA: Rafu ya viatu ya mbao, mpya, nimeitengeneza mwenyewe. Ngazi 4. Upana sm 80, kina sm 30, kimo sm 95. Inabeba jozi 12, ila buti ndefu haziingii. Inafunguka, unaweza kuibeba kwenye gari dogo. Bei ni [bei yako], haipungui. Eneo: [mtaa wako]. Zipo 3. Karibuni kwa maswali hapa kwenye komenti, najibu kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni."

Angalia kilichoachwa. Sijasema kwamba unapokea oda, ingawa ni kweli na ungetamani ijulikane. Grupu hili ni la vitu. Ukiongeza "napokea oda za kila aina", posti inaacha kuwa kitu kimoja kinachouzwa na inakuwa tangazo la biashara, na magrupu mengi yana sheria tofauti kwa hayo mawili. Wauzaji wengi wanakatwa hapo bila kuelewa, kwa sababu ya sentensi moja ya mwisho. Mtu akiuliza kwenye komenti kama unaweza kutengeneza ya ngazi sita, mjibu palepale kwamba inawezekana. Yeye ndiye aliyeuliza.

Na komenti zijibu kwa ukamilifu. Mtu akiuliza bei ilhali umeiandika, mrudie bila kumsimanga. Usijibu "nimekucheki inboksi" kwa kila mtu, maana wanaosoma nyuma yake wanabaki gizani, na admini anaona mazungumzo yote yanahamishwa nje ya macho yake. Namba ya simu mpe mnunuzi kwenye ujumbe wa faragha akishaamua kuja. Usiiandike juu ya picha. Wapo wanaofanya hivyo wakidhani sheria inahusu maandishi tu, na admini anachukulia kwamba umesoma sheria ukaamua kumzunguka.

Picha yenyewe iwe ya rafu nzima, mchana, ikiwa na viatu juu yake ili ukubwa ueleweke. Ya pili iwe ya maungio ya skrubu kwa karibu, ili mtu aone kazi. Mbili zinatosha. Kwa grupu jingine piga nyingine, hata kama rafu ni ileile. Inachukua dakika moja, na mwanachama aliye kwenye magrupu yote mawili hatahisi kwamba anamwagiwa kitu kilekile.

Grupu la pili tuseme linakataza biashara siku zote isipokuwa Jumamosi, ambapo admini anaweka posti moja na wafanyabiashara wa mtaa wanajitangaza kwenye komenti chini yake, mara moja kila mmoja. Hapa mambo yamegeuka. Biashara inaruhusiwa, kwa hiyo unajitambulisha kama fundi, na vipimo vyote vya rafu moja havina kazi. Komenti ndefu chini ya posti yenye komenti hamsini haisomwi, inarukwa. Ningeandika: "Mimi ni fundi wa mtaa huu, natengeneza rafu za viatu za mbao kwa kipimo cha nafasi yako. Oda huchukua siku 5. Ya ngazi 4 inaanzia [bei]. Picha ni ya kazi yangu." Picha moja, basi. Usirudi jioni kuandika "ap" ili upande juu. Kama hukupata mteja wiki hii, Jumamosi ijayo badilisha picha, weka kazi nyingine uliyoimaliza katikati ya wiki.

La tatu ni la vitu vilivyotumika tu, kati ya mtu na mtu. Humo usiposti. Najua utashawishika kuandika kwamba rafu "imetumika kidogo". Huo ni uongo, na unagundulika mara ya kwanza mtu anapoona wewe huyohuyo unauza "iliyotumika kidogo" ya tatu. Kama unadhani wanachama wake wangependa rafu zako, mwandikie admini umuulize kama kuna siku au mahali pa wauzaji wa vitu vipya. Akisema hapana, ndiyo imekwisha.

La nne ni grupu la majirani, la taarifa za mtaa, maji yamekatika, mbwa amepotea. Matangazo hayaruhusiwi kabisa, lakini watu huulizana: nani anamjua fundi mzuri? Hapo kaa kimya hadi mtu aulize, kisha mjibu yeye peke yake, ukisema wazi kwamba unajizungumzia: "Jirani, mimi mwenyewe natengeneza rafu za viatu. Ninayo ya jozi 12 tayari, na naweza kukupimia nyingine. Ukipenda nikutumie picha." Mwache yeye aseme nitumie. Na tafadhali usimpange rafiki aulize swali ili wewe ujibu. Watu wa mtaa mmoja wanajuana, na mchezo huo hauchukui mwezi kugundulika.

Kwenye WhatsApp hakuna ukurasa wa posti zilizokataliwa. Kuna subira ya watu tu, na admini anayeweza kufuta ujumbe wako kwa wote au kukutoa. Sheria kwa kawaida ziko kwenye maelezo ya grupu, gusa jina la grupu juu uzione. Usifowadi tangazo kutoka grupu moja kwenda jingine. Ujumbe uliofowadiwa unabeba alama inayoonyesha hivyo, na ukishakuwa na alama hiyo hauwezi tena kufowadiwa kwa zaidi ya grupu moja kwa wakati mmoja. Jirani akiiona alama anajua hukuandika kwa ajili yake. Andika upya ndani ya grupu lenyewe, picha moja na maelezo ya mistari mitatu chini yake, ili simu za watu zisijazwe na jumbe tano za mtu mmoja. "Habari za jioni majirani. Nina rafu 3 za viatu za mbao, jozi 12 kila moja, bei [bei]. Anayehitaji aniandikie pembeni, tusijaze grupu." Hapa, tofauti na Facebook, kumpeleka mtu pembeni ni adabu, kwa sababu kila jibu linagonga kwenye simu ya kila mtu. Ila bei umeshaitaja.

Jambo moja la WhatsApp ulishike sana: usichukue namba za wanachama ukaanza kuwaandikia mmoja mmoja watu ambao hawakukuuliza. Huko ndiko namba hufungiwa. Mtu akikuripoti, WhatsApp hupelekewa jumbe zako tano za mwisho ulizomtumia, na kama zote ni tangazo, hakuna cha kujitetea.

Zuio lako la Facebook likiisha, usianze na magrupu yote kwa furaha. Mimi nikiwa na kitu cha kuuza naposti grupu moja leo, nakaa nalo nikijibu maswali, la pili kesho au keshokutwa. Maswali ya grupu la kwanza hunionyesha nilichosahau, na tangazo la pili linatoka likiwa bora. Wewe kwa mfano utagundua kwamba wote wanauliza kama rangi inaweza kubadilishwa. Vilevile, unapojaza fomu ya kuuza kitu Facebook, inaweza kukupa orodha ya magrupu yako uyawekee alama ili tangazo liende kote kwa mkupuo mmoja. Ni chombo halali, lakini kinapeleka maneno yaleyale kila mahali, na sheria ya NAUZA ya grupu moja haiwezi kutimizwa na maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya jingine. Usikitumie kwa sasa.

Rafu ikiuzwa, iwekee alama kwamba imeuzwa siku ileile, au ubadilishe "Zipo 3" iwe "Zipo 2". Siku 7 zikipita kabla ya kurudia, anza na neno la kweli lililobadilika: imebaki moja, au nimeongeza ya ngazi tano. Admini akikuta tangazo la zamani limefungwa vizuri na jipya lina habari mpya, hana sababu ya kukugusa.

Limebaki grupu lililokuondoa. Litafute kwa jina. Ukilipata kwenye utafutaji, umetolewa tu na unaweza kuomba kurudi. Ukiwa umezuiwa kabisa hutaliona, hapo ni kumpitia admini kama unamfahamu mtaani, au kuliacha. Kabla ya kuomba, mwandikie. Usijieleze sana, na usimlaumu:

"Habari. Mimi ni fundi wa rafu niliyeposti Jumapili usiku, ukaniondoa. Niliposti kabla ya kusoma sheria, na nililipeleka tangazo hilohilo magrupu mengi. Nimezisoma sasa. Naomba kurudi. Nikirudi nitaposti rafu moja kwa wiki, yenye bei na eneo, bila linki. Kama wauzaji wa vitu vipya hawaruhusiwi, naomba uniambie, nami sitaposti."

Akikurudisha, siku hiyo usiposti. Wapo maadmini ambao hungoja kuona kama mtu atarudia palepale, nami ni mmoja wao. Siku ya kwanza jibu swali la mtu mwingine, lile la mbao au skrubu ambalo unalijua vizuri kuliko wengi. Rafu ije wiki inayofuata.